Mafuta ya Mama Mdogo, Sukari ya Bi Mkubwa: Maneno Yasiyofaa Kwenye Posti ya Biashara

Posti yenyewe ilikuwa hivi, neno kwa neno, pamoja na picha ya chupa na ua la waridi:

"MAFUTA YA HABASODA ASILI. Sukari kwaheri, presha kwaheri! Inasafisha damu, inaimarisha kinga. Wateja wangu wamepona, msikilizeni huyu dada kwenye voisi. £18 tu. Na wewe unaweza kuuza ukiwa nyumbani na watoto: mimi mwezi uliopita nimetengeneza £1,500. Inboksi."

Aliyeiandika ni mama yangu mdogo, yuko Leicester, na nampenda sana. Si tapeli. Mafuta anayouza anayatumia mwenyewe, anawapa wanawe, na bibi yetu alikuwa nayo kabatini tangu tunamjua. Kama wewe ni mtoto wa Waswahili wa huku basi una mtu kama huyu kwenye simu yako: mama mdogo, shangazi, jirani wa mama msikitini au kanisani, kila siku stetasi tatu za mlonge, chai ya kupunguza tumbo, sabuni ya asali. Baada ya epsodi yetu ya biashara za nyumbani wengi mmetuuliza: mama ananiambia nimtengenezee posti kwa sababu mimi najua Kiingereza na simu, je, kuna shida? Mimi kazi yangu, hapa Birmingham, ni kusoma matangazo ya watu kabla hayajatoka na kusema nini kitoke na nini kikatwe. Kwa hiyo nitaichukua posti hii na kuipasua. Sheria nitakazozitaja ni za Uingereza. Walio Marekani nitawagusa kidogo.

Nianze na sukari, kwa sababu hapo ndipo mtu anaweza kuumia.

Wengi wanadhani swali ni kama mafuta yana madhara au hayana. Sheria inaanza kwingine: umesema yanafanya nini? Hapa kuna kanuni za dawa za mwaka 2012, na msimamizi wake ni shirika la serikali linaloitwa MHRA. Kwa kanuni hizo, kitu kinaweza kuwa dawa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kwa kazi yake mwilini. Ya pili ni kwa namna kinavyotambulishwa kwa watu. Hiyo ya pili ndiyo inayowanasa mama zetu. Ukichukua maji ya bomba, ukayatia kwenye chupa, ukaandika kwamba yanatibu kisukari, umetangaza dawa, hata kama ndani hamna kitu ila maji. Na dawa haiuzwi bila kibali, ambacho wewe huna. Kwa hiyo chupa ileile ya habasoda ni chakula halali kabisa leo asubuhi, na jioni, baada ya mama kuandika "sukari kwaheri", imekuwa dawa isiyo na kibali. Mafuta hayajabadilika. Maneno yamebadilika.

Na Kiswahili chetu hapa kinatuponza zaidi ya Kiingereza. Neno "dawa" kwetu ni pana mno: dawa ya meno, dawa ya mbu, dawa ya viatu. Mama akisema "hii dawa nzuri" pengine hana maana ya hospitali hata kidogo. Lakini msomaji mwenye kisukari akiliona neno hilo karibu na neno "sukari", anaelewa kitu kimoja tu. Halafu kuna maneno ambayo watu wanadhani ni laini kwa hiyo yamesalimika. "Inasaidia sukari." "Inashusha presha." "Wazee wetu walitumia kwa maradhi ya tumbo." "Inshallah utapona." Hayasalimiki. Anayekagua haangalii neno moja moja, anaangalia posti yote kwa pamoja: maneno, picha, jina la bidhaa, alama ya reli, hata kikatuni cha sindano ulichoweka pembeni. Anajiuliza mtu wa kawaida ataondoka na picha gani kichwani. Ukiweka picha ya kile kimashine cha kupimia sukari kando ya chupa, bila neno hata moja, umeshasema.

Wengine huleta hoja ya dini, na naielewa. Hadithi ya Mtume kuhusu habasoda inajulikana na kila mtoto aliyepita madrasa. Imani yako ni yako, na hakuna anayekukataza kuizungumza sebuleni. Ila ukiiweka juu ya bei na neno "inboksi", imekuwa sehemu ya tangazo na itasomwa kama tangazo. Binafsi naona hata bila sheria si heshima kuifanya hadithi iwe kibandiko cha chupa, lakini hayo ni yangu.

Saratani ina sheria ya peke yake, ya mwaka 1939, na bado inafanya kazi. Kutangaza kwa umma kwamba unatibu saratani, au kutoa ushauri wa kuitibu kupitia tangazo, ni kosa la jinai. Hapo hamna kupima maneno. Ukiliona neno hilo kwenye posti ya mama, futa kwanza, mtaongea baadaye.

Sasa, kwa nini yote haya? Katika kundi la WhatsApp la mama mdogo kuna mama mmoja mtu mzima, tumwite Bi Mkubwa, ana kisukari cha ukubwani na anameza metformin asubuhi na jioni. Vidonge vilikuwa vinamsumbua tumbo. Aliposoma "sukari kwaheri" akaanza kunywa kijiko cha mafuta, akapunguza vidonge, kimoja kwa siku, halafu siku moja moja, halafu basi. Hakumwambia mtu. Alijisikia vizuri, na hilo ndilo jambo baya la sukari: inapanda kimyakimya. Alipoenda kwa nesi kwa kipimo chake cha kawaida, kile cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili mitatu iliyopita, namba yake ilikuwa imetoka 54 hadi 81. Kwa kipimo hicho, kuanzia 48 ndiyo wanasema una kisukari. Nesi akamuuliza, "Dawa unakunywa?" Akasema nakunywa, akimaanisha mafuta.

Mama mdogo hakuwahi kumwambia mtu aache vidonge, na alilia sana aliposikia. Lakini kanuni za matangazo za hapa, zinazosimamiwa na ASA, zinalitazama jambo hili waziwazi: tangazo lisimvute mtu mbali na matibabu ya ugonjwa unaohitaji daktari. Si lazima uandike "acha dawa". Ukiandika "kwaheri" inatosha. Na sheria ya kumlinda mnunuzi, iliyofanywa upya kwa sheria ya mwaka 2024, inasema kama tangazo linawafikia watu walio dhaifu kwa sababu ya umri, maradhi au hali yao ya maisha, na wewe ungeweza kutegemea hilo, basi litapimwa kwa macho yao, si kwa macho ya mwanafunzi wa chuo mwenye afya. Fikiria nani anasoma posti ya Kiswahili hapa Uingereza. Ni yule mama ambaye Kiingereza cha daktari kinampita, anayemsubiri mwanawe apate nafasi amtafsirie. Wengine wananiambia "aa, lakini imeandikwa Kiswahili, nani atajua?" Mimi naona Kiswahili ndicho kinachoifanya kuwa nzito zaidi, kwa sababu huyu msomaji hana tangazo jingine la kulinganisha.

Tuendelee na posti. "Inasafisha damu, inaimarisha kinga." Hapa hatupo tena kwenye ugonjwa, tupo kwenye faida za afya za chakula, na mlango huu haujafungwa kabisa. Kuna orodha rasmi ya serikali, bure mtandaoni, ukiandika kwenye gugo `nutrition and health claims register` utaipata. Ndani yake kuna madai yaliyokubaliwa na yaliyokataliwa, na masharti ya kila moja. Kwa mfano vitamini C: inaruhusiwa kusema inachangia kinga ya mwili kufanya kazi kama kawaida. Madini ya chuma: yanachangia kupunguza uchovu. Angalia lugha ilivyo ya unyenyekevu: "inachangia", "kama kawaida". Na dai ni la kirutubisho, si la chupa yako. Ili ulitumie, kirutubisho hicho lazima kiwemo kwa kiasi kilichowekwa. Kwa chuma, kiasi cha siku kinachotumika kwenye vibandiko ni miligramu 14, na kuitwa "chanzo cha chuma" kunahitaji angalau asilimia 15 ya hicho. Yaani lazima kuwe na karatasi ya maabara au kibandiko kinachoonyesha namba. "Mlonge una chuma kingi, kila mtu anajua" haihesabiki.

Habasoda yenyewe haina dai lililokubaliwa kwenye orodha hiyo. Madai mengi ya mimea bado yako kwenye foleni tangu enzi za Umoja wa Ulaya, na kuyatumia kuna masharti yake, kwa hiyo kwa mtu anayeuza chupa 25 kwa mwezi ushauri wangu ni kuyaacha. "Inaimarisha kinga" inatoka. "Inasafisha damu" inatoka pia, kwa sababu haina maana yoyote inayoweza kupimwa. Hata "nzuri kwa afya" peke yake hairuhusiwi: ukisema hivyo lazima uambatanishe dai maalumu kutoka kwenye orodha. Mama mdogo alipoona nakata neno la tatu akaniuliza, "Sasa mwanangu, niseme nini, niseme ni mafuta?" Nikamwambia ndiyo, mama, tutafika.

Halafu ile voisi. Dada mmoja anasema presha yake ilikuwa 180 na sasa ni 120, alhamdulillah. Sina sababu ya kudhani anadanganya. Pengine pia alianza vidonge vya presha mwezi uleule, au aliacha chumvi, au siku ile ya 180 alikuwa ametoka kupanda ngazi na mizigo. Hatujui, na ndiyo maana ushuhuda wa mteja haukubaliki kuwa ushahidi. Watu wengi wanaamini kwamba mteja akisema yeye, wewe umesalimika. Ni kinyume. Ukisambaza maneno yake kwenye tangazo lako, umeyasema wewe. Lile usiloruhusiwa kulisema kwa mdomo wako, huruhusiwi kulisema kwa mdomo wa dada. Ni hivyohivyo na "daktari fulani anaitumia": kwa chakula na virutubisho, dai la afya linaloegemea daktari mmoja mmoja limekatazwa moja kwa moja. Ushuhuda unaoruhusiwa ni ule wa mambo ya kawaida, kama mzigo ulifika haraka au ladha ni ileile ya nyumbani, na uwe na ruhusa ya aliyesema pamoja na namna ya kumpata akihitajika.

Sasa tuje kwenye pesa, ambapo mimi na mama mdogo tulikaa mezani na kikokotoo.

Mafuta yake anayachukua kwa kampuni ambayo inampa asilimia kidogo kwa kila mtu anayemwingiza kuuza, na anayeingia ananunua mzigo wa kuanzia wa £150. Sitaitaja. Ile £1,500 ilikuwa kweli, kwa maana ya kwamba alipokea pesa hizo. Ilikuwa Ramadhani. Aliuza chupa 83 kwa £18, ambazo ni £1,494. Lakini kila chupa anainunua £11, kwa hiyo faida ya juu ni £7, jumla £581. Alituma vifurushi 40 kwa wastani wa £4, hiyo ni £160 imetoka. Mifuko, karatasi na petroli ya kupeleka kwa wale wa karibu, kama £60. Kilichobaki ni £361, na huo ulikuwa mwezi wake bora wa mwaka mzima.

Tukafanya mwezi wa kawaida. Chupa 25, faida £175. Vifurushi 12, toa £48. Mifuko na petroli, toa £15. Zimebaki £112. Nikamuuliza saa ngapi kwa wiki anashika simu, anajibu watu, anafunga vifurushi, anapanga foleni posta. Tukahesabu pole pole, ikawa kama saa 30 kwa mwezi. £112 gawanya kwa 30 ni £3.73 kwa saa. Kima cha chini cha mshahara hapa, kwa mwenye miaka 21 na kuendelea, kilikuwa £12.21 kuanzia Aprili 2025. Mama mdogo alinyamaza kidogo, akasema, "Basi bora nibaki hivyo hivyo na kazi yangu ya asubuhi." Lakini anapenda biashara yake, na £112 za halali ni pesa. Si hoja. Hoja ni yule msichana mwenye watoto wawili anayesoma "£1,500 ukiwa nyumbani" na kutoa £150 za kodi ya nyumba ili aanze.

Ukitaja kipato, namba lazima iwe sahihi na iwe inawakilisha hali ya kawaida ya anayefanya kazi hiyo. Mwezi wa Ramadhani si hali ya kawaida, na mauzo si kipato. Hata kuandika "mauzo £1,494" kwa herufi ndogo hakuponyi kitu kama picha yote inasema "utapata hivi". Pia lazima ieleweke kwamba hii ni fursa ya biashara, si ajira. Neno "kazi ipo, inboksi" kwa kitu ambacho mtu analipia kuingia ni kosa peke yake.

Kwa biashara hizi za kuingizana, Uingereza ina kanuni za mwaka 1997 ambazo watu wachache sana kwenye makundi yetu wamewahi kuzisikia. Anayejiunga hawezi kutozwa zaidi ya £200 katika siku saba za mwanzo. Ana siku 14 za kubadili nia na kurudishiwa. Na tangazo la kumwingiza mtu linatakiwa kubeba onyo la kisheria, ambalo kwa Kiswahili changu linasema hivi: ni kinyume cha sheria kumshawishi mtu alipe kwa kumwahidi faida itokanayo na kuwaingiza wengine, na usidanganywe na madai kwamba pesa nyingi hupatikana kwa urahisi. Angalia stetasi za simu yako leo. Umeliona onyo hilo mara ngapi?

Walio Marekani, kwenu kuna FTC, na iko macho. Aprili 2020, korona ilipopamba moto, ilizitumia kampuni 10 za namna hii barua za onyo kwa sababu ya posti za wauzaji wao, baadhi zikidai bidhaa zinakinga au kutibu korona, baadhi zikiwaambia watu waliopoteza kazi kwamba watapata pesa nyingi. Kumbuka posti hizo ziliandikwa na watu wa kawaida majumbani, na barua ikawaambia kampuni kwamba na wao wanawajibika. Herbalife, mwaka 2016, ilikubali kulipa dola milioni 200 kwa FTC, na kiini cha kesi kilikuwa hichohicho, ahadi za kipato ambacho watu wengi hawakukipata.

ASA kwa upande wake haitozi faini. Inaweza kuagiza tangazo litoke, ikachapisha uamuzi wake hadharani na jina lako juu, na asiyesikia anapelekwa kwa wakaguzi wa biashara wa halmashauri, ambao wana meno. Mamlaka yake juu ya kurasa zako mwenyewe mtandaoni ilianza Machi 2011, kwa hiyo hoja ya "ni Instagram yangu" ilikufa zamani. Kuhusu WhatsApp msibishane sana. Sheria za dawa na za kumlinda mnunuzi zinamfuata muuzaji popote anapouzia.

Basi, posti mpya. Tuliiandika pamoja, na sehemu kubwa ni maneno yake:

"Mafuta ya habasoda, yamekamuliwa bila moto. Chupa ya mililita 250, £18, posta £4. Ladha kali kidogo, harufu ileile ya jikoni kwa bibi. Mimi natia kijiko kwenye saladi, au napaka mkate wa ufuta ukiwa moto. Ni chakula, si dawa. Ukiwa mjamzito au unatumia dawa za hospitali, muulize mfamasia kwanza."

Sentensi ya mwisho si pambo. Kuna uchunguzi unaoonyesha habasoda inaweza kushusha sukari kidogo, na watu wanapenda kuutaja kama sifa. Lakini kwa mtu ambaye tayari anameza dawa za kushusha sukari, hilo ni jambo la kumwambia mfamasia, si la kufurahia. Na "ni chakula, si dawa" haikuokoi kama juu yake umeandika "sukari kwaheri". Inafanya kazi pale tu ambapo posti nzima inasema hivyohivyo.

Mwezi wa kwanza aliuza chupa 22 badala ya 25. Alinitumia namba hiyo bila neno lolote, kama anavyofanya akiwa amekasirika. Mwezi uliofuata zikawa 26, wawili kati ya wateja wapya wakiwa vijana waliotaka mafuta ya kupikia.

Kazi kubwa ilikuwa kwenye inboksi, kwa sababu watu hawaulizi "ni mafuta gani", wanauliza "yanatibu nini?" Na jibu la inboksi nalo ni maneno ya muuzaji kwa mnunuzi. Amelihifadhi jibu kwenye simu, analibandika tu: "Shikamoo mama. Mimi nauza mafuta ya kula, siwezi kukwambia chochote kuhusu sukari. Usipunguze vidonge. Ukitaka, nipe namba ya mwanao nimwambie akupigie kliniki." Bi Mkubwa alikuwa wa kwanza kulipokea. Amerudi kwenye vidonge, wamembadilishia aina inayoyeyuka taratibu ambayo haimsumbui tumbo, na mafuta bado ananunua, ya saladi.

Kilichobaki ni posti za zamani. Zile stetasi za saa 24 zimeshapotea, lakini kwenye Instagram alikuwa amezibandika juu ya ukurasa wake, za miaka mitatu, na hizo bado ni tangazo linalosomwa leo. Jumapili iliyopita tulifuta 61. Zimebaki za TikTok.